Sini ya 34: watu wanaposhika simu, tukate wapi?

*"Kaka, sini ya 34 inanitesa. Binti anarudi kwa baba yake Muheza kumwambia kwamba ameuza shamba la machungwa aliloachiwa na mama. Ina dakika 6 na sekunde 12. Tuliwaonyesha watu wachache, na hapo ndipo walipoanza kushika simu. Nimeondoa vituo vyote vya kimya kati ya sentensi, nimeweka muziki, lakini ni kama imezidi kuchosha. Cha ajabu, sini ya 18, ya kikao cha ukoo, ina dakika 7 na hakuna aliyetikisika. Waigizaji wamefanya kazi nzuri, hasa mzee, na sitaki kuwaharibia. Nikate nini?"*

Dada, faili ulilonitumia nimelitazama mara tatu. Mara ya kwanza kama mtu aliyekata tiketi, ya pili nikiwa nimezima sauti, ya tatu nikiwa nimefumba macho nasikiliza tu. Usibadilishe kitu kabla hujafanya hivyo na wewe. Ukizima sauti utaona kuwa kuanzia 1:58 picha inarukaruka kati ya nyuso mbili kama mpira wa meza. Ukifumba macho utasikia kila sentensi ikijibiwa kwa kasi ileile, hata zile ambazo hakuna binadamu angezijibu haraka hivyo.

Tuanze na urefu, maana naona ndio unaokutisha. Sini ya 18 inakuonyesha mwenyewe kwamba dakika 7 si tatizo. Pale mtazamaji ana swali kichwani tangu watu wanapokaa mkekani: nani atathubutu kumpinga mjomba? Swali hilo halijibiwi mpaka dakika ya mwisho, kwa hiyo hata wanapozungumzia mbuzi na mvua, mtu anasubiri. Sasa njoo sini ya 34. Kwenye sini ya 29 tumemwona binti akitia saini mbele ya mwenyekiti wa kijiji, tukamwona mnunuzi, tukaziona hela zikihesabiwa. Binti anapopiga hodi kwa baba yake hatuna haja ya kujua shamba limekwendaje. Tunataka kujua mawili tu: ataanzaje kusema, na mzee atafanya nini akishasikia.

Pima sini yako kwa swali hilo. Kuanzia 0:00 hadi 1:40 tuko kwenye geti, mabegi, viatu, salamu na habari za safari. Sekunde 18 zinazofuata mzee anamenya chungwa kimya. Kutoka 1:58 hadi 3:34, sekunde 96, binti anaeleza jinsi shamba lilivyouzwa, yaani anatusimulia sini ya 29 tuliyoiona kwa macho yetu. Kisha mzee ananyamaza, na kwenye 4:05 anasema neno moja, "Umekula?" Jibu tulilokuwa tunalisubiri limeshatoka hapo. Baada yake kuna sekunde 127 za mzee akieleza uchungu wake, analia, binti analia, wanakumbatiana. Simu zinatoka mifukoni mara mbili, nakuhakikishia: mara ya kwanza pale binti anaporudia tunachokijua, mara ya pili baada ya "Umekula?"

Sasa vituo vya kimya, na hapa nitakupinga waziwazi. Uliviondoa ukidhani ndivyo vinavyochelewesha, kumbe ndivyo pekee vilivyokuwa vinakwenda. Nimepima mapengo kati ya sentensi na sentensi kwenye taimulaini yako, na karibu yote ni fremu 6 hadi 8. Umepiga fremu 25 kwa sekunde, kwa hiyo hilo ni pengo la robo ya sekunde na ushee. Watu wanaopiga soga hujibizana kwa pengo dogo hivyohivyo, hata chini ya hapo, na ukimuuliza mtu "Umefika saa ngapi?" hiyo ndiyo kasi yake. Lakini swali zito halijibiwi hivyo. Mtu akichelewa hata sekunde moja kujibu, sisi wasikilizaji tunajua papo hapo kwamba kuna kitu. Tunajua tangu utotoni. Mama akinyamaza kidogo kabla ya kusema "sawa", ulielewa si sawa. Wewe umefanya "Habari za safari?" na "Umeliuza?" zijibiwe kwa mwendo mmoja, kwa hiyo sikio la mtazamaji limepoteza kipimo. Kila kitu kina uzito sawa, na vitu vyenye uzito sawa vinachosha hata vikikimbia.

Mimi nimeshafanya kosa hilo, tena kwenye sini ya msiba. Niliondoa pumzi zote ili isichoshe, na siku ya kuionyesha watu wakacheka. Wafiwa walikuwa wanajibizana kama wachekeshaji.

Basi pa kukata.

Anza sini ukiwa umechelewa. Geti, mabegi na viatu vinakwenda, sekunde 30 za mwanzo zote, tunaingia moja kwa moja kwenye "Shikamoo baba". Najua utaniambia kwetu mtu haingii nyumbani bila hodi, na ni kweli, ila mtazamaji akishamwona binti amesimama barazani na begi mkononi, hodi anaipiga mwenyewe kichwani. Salamu yenyewe usiiguse, ila badilisha teki. Umetumia teki ya 2, ambamo mzee anaitikia "Marahaba" palepale huku anatabasamu. Nenda kaitazame teki ya 4. Pale mzee anamenya chungwa kwa ganda moja refu lisilokatika, kama wanavyomenya wauzaji wa stendi, na anaposikia shikamoo hainui macho. Anamalizia mzunguko wa kisu, ganda linadondoka kwenye sinia, ndipo anasema, "Marahaba mwanangu." Ni sekunde 3 za kimya kati ya shikamoo na marahaba, na ndani yake binti anaonekana anajiuliza kama habari zimeshamfikia. Hazijamfikia, mzee amezama tu kwenye kumenya. Lakini sisi tumeshaanza kuogopa pamoja na binti, na sini bado haina hata nusu dakika.

Habari za safari nazo zipunguze kutoka sekunde 48 hadi 26. Bakiza barabara na mvua, ondoa jirani na kuku. Jirani hatumwoni tena mpaka filamu inaisha.

Sehemu inayokula sini ni zile sekunde 96 za maelezo. Nilichukua karatasi nikaandika kila sentensi ya binti, na pembeni nikaweka alama kila ambayo mtazamaji ameshaijua. Kati ya sentensi 14, mpya ni 3. Ya kwanza, "Baba, shamba la mama nimeliuza," hatujawahi kuisikia ikitoka kinywani mwake. Ya pili ni pale anapokiri kwamba deni lilikuwa lake, si la mumewe. Na ya mwisho, "Sikukuuliza kwa sababu nilijua utasema hapana," ambayo ndiyo inayomchoma mzee kuliko shamba. Mnunuzi, bei, mwenyekiti, tarehe, vyote tunavyo. Ukibakiza hizo 3 na pumzi zake unapata kama sekunde 41.

Utaniuliza utaziungaje, maana midomo itaruka. Hutaunga kwenye uso wa binti, utaunga kwenye uso wa mzee. Nimehesabu mikato yako kwenye kipande hiki: karibu kila mara mtu akifungua mdomo, picha inamhamia. Baada ya mara ya nne mtazamaji anajua picha ijayo kabla haijaja. Wewe muweke binti aanze sentensi ya kwanza tukimwona, kisha nenda kwa mzee na ukae hapo. Sauti ya binti inaendelea, midomo yake haionekani, kwa hiyo unaweza kutoa sentensi 11 katikati na hakuna atakayejua. Faida kubwa lakini si kuficha kiungo. Habari mpya kwenye sini hii haiko kwa anayesema, iko kwa anayesikia.

Baada ya hapo kuna zile sekunde 31 mzee anaponyamaza kabla ya "Umekula?" Urefu wake sikati hata fremu. Wewe umezigawa shoti 9, mkono, dirisha, machozi ya binti, kuku uani, na juu yake umemwaga kinanda. Rudisha shoti moja tu, uso wa mzee wa karibu, isiyokatwa. Kuna jaribio la zamani la Mrusi Lev Kuleshov, la miaka ya mwanzo ya sinema: aliuweka uso mmoja uleule wa mwigizaji karibu na bakuli la supu, kisha karibu na jeneza, na watazamaji wakaona njaa kwenye ule wa kwanza na huzuni kwenye ule wa pili. Uso ulikuwa haujabadilika. Ndicho kinachotokea hapa. Tumetoka kusikia "nilijua utasema hapana", na chochote tutakachoona kwenye uso wa mzee tutakijaza wenyewe. Ukikata kwenda dirishani unatunyang'anya kazi hiyo. Muziki unatunyang'anya zaidi, kwa sababu umeuanzisha 1:40, kabla binti hajafungua mdomo. Umetuambia kuna huzuni inakuja, tukaacha kuisubiri.

Halafu mwisho, na hapa najua patauma. Mzee anasema "Umekula?" na kwenye shoti pana ananyoosha mkono na nusu ya chungwa. Binti analipokea. Hapo ni sekunde 12 kuanzia neno lenyewe, na hapo sini imeisha. Zile sekunde 115 zinazofuata, hotuba, kilio, kukumbatiana, toa. Mzee amelia vizuri sana, sibishi, pengine ndiyo kazi yake bora kwenye filamu nzima. Lakini anachokisema kwa maneno 200 ameshakisema kwa nusu chungwa, tena chungwa la shamba hilohilo. Akianza kueleza, lile chungwa linarudi kuwa tunda tu.

Kuna kitu kimoja ndani ya hotuba hiyo ambacho huwezi kukipoteza, na nadhani ndicho kilichokufanya uiogope. Mzee anasema, "Juzi tu nimetoka kufyeka pale kwa mama yako, chini ya mwembe." Bila mstari huo hatujui kwamba kaburi liko shambani, na sini ya 41 haitaeleweka. Ukiuacha mahali ulipo unalazimika kubaki na hotuba. Pendekezo langu ni kuupeleka mwanzoni, kwenye habari za safari, kabla mzee hajajua lolote. Hebu usikie tofauti. Baada ya habari, maneno hayo ni lawama. Kabla ya habari ni mzee anayesimulia kazi zake za wiki tu, huku binti na sisi tunajua kwamba shamba analolifyeka si lao tena. Binti hana la kusema. Sekunde 18 za kumenya chungwa, ambazo sasa hivi hazisemi kitu, zinageuka kuwa kimya cha mtu aliyekosa pa kuanzia.

Picha ya kuubeba mstari huo unayo. Kwenye shoti pana, teki ya 3, mzee anainama kusuuza kisu kwenye karai na mgongo wake uko kwetu kwa sekunde 7. Mdomo hauonekani, unaweza kulaza sauti yoyote pale. Shida ni kwamba sauti uliyonayo ni ya mtu anayelia, haiwezi kuwa ya mtu anayepiga soga. Itabidi mzee aurekodi upya mstari huo mmoja, kwa maiki ileile na kwenye baraza ileile ikiwezekana. Ukimrekodi studio, sauti itakuwa kavu na safi kuliko zote zinazoizunguka, na mtu asiyejua chochote cha sauti ataihisi.

Kuhusu sauti kuna mtego mwingine. Nyuma ya maelezo ya binti kuna redio ya jirani. Haisikiki sana, lakini ukitoa sentensi 11 wimbo utaruka, na hapo ndipo kiungo kitakapojulikana, si kwenye picha. Muulize mtu wako wa sauti kama alirekodi nusu dakika ya ua likiwa tupu. Kama hakurekodi, chukua vipande vya kimya cha kumenya chungwa, virudufu, uvilaze chini ya kipande chote. Kisha usikate sauti na picha mahali pamoja. Kiungo cha sauti kitangulie au kifuate picha kwa fremu 8 au 10, na kiyeyuke kidogo badala ya kukatika ghafla.

Chungwa lenyewe litakusumbua pia. Ukifuata mikato hii, kwenye shoti moja litakuwa limemenywa nusu na kwenye inayofuata limeshamenywa lote. Prodyuza wako ataliona, maana maprodyuza ndiyo kazi yao. Mhariri Mmarekani Walter Murch alipopanga vipimo vyake vya mkato mzuri aliipa hisia asilimia 51 peke yake, na mwendelezo wa vitu mahali vilipo akauweka mwisho kabisa. Mimi sipimi kwa asilimia, ila nakubaliana naye. Kama macho ya mtazamaji yako kwenye uso wa mzee, hatalihesabu ganda la chungwa. Kama yako kwenye ganda, sini imeshakufa kwa sababu nyingine.

Ukijumlisha: mikato inaibakiza sini sekunde 150. Rudisha sekunde 11 za kimya, yaani zile 3 za marahaba, 3 kabla ya "Baba, shamba la mama", na 5 kabla ya "nilijua utasema hapana". Unapata dakika 2 na sekunde 41. Kabla hujagusa kitu, rudufu taimulaini nzima na uipe jina lingine, ili ukinichukia kesho uwe na pa kurudi.

Kuna njia nyepesi zaidi, sitakuficha. Unaweza kupunguza geti, jirani na nusu ya maelezo, ukaacha hotuba. Itakuwa kama dakika 4 na nusu na hutahitaji kumrekodi mzee. Watu watashika simu mara moja badala ya mbili, kwa sababu mwisho utakuwa bado unaeleza jibu lililokwishatolewa. Na upande wa pili nao una haki yake: watazamaji wetu wengi wanapenda kumwona mzee akilia, na wapo watakaosema umewanyima. Mimi ningewanyima. Lakini usiniamini kwa mdomo. Tengeneza matoleo yote mawili, kila moja lionyeshe kwa kundi lake la watu ambao hawajasoma skripti, wala usiwaulize kama imewachosha, maana kwa adabu watasema hapana. Kaa pembeni, angalia mikono yao, na uandike dakika kila simu inapotoka. Halafu waulize mzee alijisikiaje. Wale wa chungwa wakikujibu kwa maneno yao yale yaliyomo kwenye hotuba, umepata jibu lako.

Jambo moja siwezi kulimaliza kwa barua. Ile shoti ya karibu ya mzee, kwenye sekunde ya 19 anapepesa macho mara mbili na kutazama kidogo upande wa kamera. Kwenye kompyuta yangu sioni kama ni mzee anayetafuta neno au ni mwigizaji anayekusubiri wewe useme "kata". Tukilitazama pamoja kwenye skrini kubwa tutajua ndani ya dakika mbili. Kama ni mwigizaji, tutaishia kwenye sekunde ya 18 ya shoti hiyo na kumalizia kwa shoti pana, au utarudi Muheza nusu siku kupiga shoti hiyo moja, na siku hiyohiyo mzee arekodi mstari wa mwembe. Njoo Jumamosi asubuhi na diski yenye teki zote, si zile ulizochagua tu. Kwenye faili ulilonitumia teki za karibu za mzee ni mbili, ya 1 na ya 5. Za katikati ziko wapi?